Pima ya Mtu Mfupi

Nilikuwa karani katika ofisi ya afya upande wa Posta, kijana mwenye mwandiko mzuri na majivuno ya kutosha. Daktari wetu Mwingereza alitaka kujua kisima kimoja cha Kariakoo kifukiwe au kiachwe. Vyoo vya mtaa ule vilichimbwa futi kumi kwenda chini. Kama wakati wa masika maji ya kisima hupanda hadi kina hicho, alisema, basi watu wanakunywa vyoo vyao.

Ofisi ilianza kupima kiangazi kile tu, kwa futi na inchi. Wajerumani waliacha karatasi chache, zote za kiangazi, kwa mita. Aliyepima mwaka mzima, miaka kwa miaka, alikuwa mwenye kisima, Mwarabu muuza nguo aliyekwisha kufariki. Daftari lake lilikuwa la pima, mikono na shibiri, na tarehe za miezi ya Kiislamu. Kazi yangu ilikuwa kuyaleta yote kwenye karatasi moja, kalenda moja, kipimo kimoja.

Nikaona mwezi wa Mfungo Nne wa mwaka mmoja umeangukia Aprili, nikaandika Aprili kwa kila Mfungo Nne. Matokeo yake kisima kikawa na wazimu: masika hii kimejaa, masika ile kimekauka. Nikaenda kumwuliza mjane wa marehemu, aliyekuwa bado anaishi palepale na kuwapa jirani maji bila kinyongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sema."

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe hufungi? Ramadhani ya utotoni mwako ilikuwa na mvua, na ya mwaka huu je?"

Niliona haya, maana nafunga tangu nina miaka kumi. Miezi yetu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mimi nilikuwa nimeipigilia misumari. Nikaanza upya, mwaka baada ya mwaka. Jedwali la ofisi la kugeuzia tarehe lilikosea siku moja au mbili, kwa kuwa mwezi huandama unapoonekana, si kwa jedwali. Lakini marehemu aliandika pia siku ya juma, nami nikasogeza kila tarehe mpaka Jumanne yake ikakaa kwenye Jumanne. Raha niliyoipata siwezi kuieleza. Kisima kikapona wazimu, kikawa kinapanda na mvua na kushuka na jua.

Zikabaki pima. Kitabu cha ofisi kilisema pima moja ni futi sita, na kwa hesabu hiyo masika maji yalisimama futi kumi na moja na inchi tatu kwenda chini. Kisima kilikuwa kimepona: maji hayafiki vyoo. Ila siku moja Mjerumani na marehemu walipima pamoja. Mjerumani aliandika mita nne na sentimita ishirini na saba, ambazo ni futi kumi na nne. Marehemu aliandika pima mbili, mikono miwili na shibiri. Kwa kitabu, hizo ni futi kumi na tano na inchi tisa.

Nikamwambia mjane kwamba huenda mumewe hakuwa mwangalifu. Alikasirika kweli. Akaingia ndani, akatoka na kamba yenye mafundo. "Kila fundo ni pima yake, alipima kwa kunyoosha mikono yake mwenyewe. Nawe pima."

Fundo hadi fundo palikuwa futi tano na inchi nne. Alikuwa mtu mfupi. Nikapiga hesabu upya, mkono robo ya pima, shibiri nusu ya mkono, na ile siku ya Mjerumani ikaja futi kumi na nne kamili. Nikafurahi kama mtoto, nikakimbilia mstari wa masika: pima mbili kasoro shibiri. Inchi mia na ishirini. Futi kumi.

Furaha ikanikauka. Mjane aliniona, nikamweleza kina cha vyoo na pima ya kitabu.

"Na kwa pima ya ofisi?"

"Kinapona, mama."

"Ofisi wanajua urefu wa mume wangu?"

"Hawajui."

Akasema, "Nitafutie tarehe moja. Jumatano, kumi na tisa Mfungo Sita, mwaka ule wa mvua nyingi. Mwanangu wa kwanza alikufa. Tumbo."

Nikaigeuza kama nilivyozigeuza zote. Ilikuwa mwezi wa Mei. Kidole changu kilipopanda kwenye karatasi kilikuta maji ya juu kuliko yote, siku tisa kabla. Mjane alikuwa akikitazama kidole.

"Baba yake ndiye aliyemnywesha maji yale," alisema, "kwa mkono wake. Andika kumi."

Nikaandika kumi.