Frezi na Darasa kwenye Mchoro Mmoja

Nilifanya ujinga ambao hata mtoto wa primaire angeucheka: niliamini kwamba maandishi madogo chini ya mchoro yanaweza kumzuia mtu mzima. Tena mtu mzima ninayemjua tangu secondaire, tuliyekaa naye banc moja, aliyekuwa akinakili kazi zangu za hesabu mpaka na makosa yangu.

Kazi yangu ni ya kukaa. Nina diploma d'État, kompyuta, na kiti ambacho kimeshika umbo langu. Tableau, ile programu ya kuchora namba, nilijifunzia hapa hapa mtaani Nguba, kwa video za mtandaoni, nikiombea umeme usikatike kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Watu wananiletea namba, mimi ninazichorea, wanaondoka. Mama yangu anawaambia watu wa parokia kwamba mwanawe ni informaticien. Mke wangu anasema mimi ni pazia: asubuhi niko dirishani, jioni niko dirishani.

Yule rafiki anafanya kazi kwenye shirika dogo lenye ofisi Ibanda. Shirika lilikuwa na miradi miwili isiyojuana. Wa kwanza ni vijana wanaolima frezi, yale matunda mekundu yanayouzwa kwa vikopo barabarani, juu huko upande wa Kavumu. Huo ni wake yeye, ndiye msimamizi. Wa pili ni darasa la kusoma na kuandika la wamama wa kijiji cha Miti. Mwalimu wa darasa hilo ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta wa matofali na mti wa parachichi ambao matunda yake yote, kwa sababu nisizozielewa, yanaangukia kwake.

Rafiki alikuja na namba za mwaka mzima.

"Mon vieux, nitengenezee graphique moja. Frezi na darasa, pamoja."

"Pamoja kwa nini? Hakuna mama hata mmoja wa darasa anayelima frezi."

"Bailleur, mwenye pesa, ametupa ukurasa mmoja tu. Nafasi iko kidogo. Weye chora."

Nikamwambia ninaweza kuweka michoro miwili, mmoja juu ya mwingine, miezi ileile chini, kila mmoja na axe yake, ule mstari wa vipimo pembeni. Akakataa: nafasi. Basi nikachora axe double, vipimo viwili kwenye mchoro mmoja. Si kazi ngumu. Unaweka miezi chini, unaweka kilo za frezi, halafu hesabu ya wamama unaivuta mpaka ukingo wa kulia. Mstari wa nukta ukitokea, unaiachia hapo. Tableau haikuulizi kama vitu hivyo viwili vinafahamiana. Inavilaza kitanda kimoja na kuzima taa.

Ndiyo maana nilikuwa mwangalifu kama mtu anayebeba mayai kwenye pikipiki. Sikusynchroniser axe, yaani sikuzilinganisha namba za kushoto na za kulia. Hiyo ni ya vitu vyenye kipimo kimoja. Kilo na watu si kipimo kimoja, na wamama wangelala chini kabisa ya mchoro kama kamba iliyoanguka. Lakini axe zisiposynchronisewa, kila upande una urefu wake, na mahali mistari inapokatana hapana maana yoyote, ni ajali ya vipimo. Kwa hiyo niliondoa mistari miwili. Frezi nilizifanya nguzo za rangi hafifu, wamama wakabaki mstari. Axe ya kushoto nikaipa rangi ya nguzo, ya kulia rangi ya mstari, kila moja na jina lake, zote mbili zikianzia sifuri. Kwa ujumla frezi zilipanda, wamama walipungua kidogo. Chini nikaandika: *Miradi hii miwili haihusiani. Wamama walipungua tangu upepo ulipong'oa bati za darasa.* Nikajiona profesa.

Halafu nikamtumia fichier nzima, yenye data ndani, badala ya PDF isiyobadilishika. Aliiomba hivyo. "Ili nibadilishe rangi kidogo," alisema. Mimi nilikuwa na njaa.

Jirani aliingia siku ya mkutano wa bailleur, bado na nguo zake za ofisini, viatu mkononi. Hakusalimia. Alisimama kati yangu na dirisha akaninyooshea simu.

"Ni weye ulichora hii?"

Ilikuwa picha ya mchoro uliomulikwa ukutani, ameipiga katikati ya mkutano. Nguzo zangu zilikuwa zimegeuka mstari. Mistari miwili minene, mmoja unapanda, mwingine unaporomoka kama jiwe kutoka juu ya kilima, ikikatana katikati vizuri kabisa, msalaba. Axe ya kulia ilikuwa imefichwa, kwa hiyo mtu angedhani wote wanapimwa kwa zile namba za kushoto. Sifuri ya wamama ilikuwa imeondolewa. Rafiki yangu alikuwa ameanzisha axe yao karibu tu chini ya idadi yao ndogo kabisa, na upungufu wa wamama wachache ukawa gharika. Maandishi yangu ya chini hayakuwepo. Kichwa kilisema: *Wamama wanaacha darasa, wanachagua frezi.*

Na kwenye kona, jina langu. Hilo hakulifuta.

"Si mimi," nikasema.

"Jina ni la nani?"

"Langu. Lakini..."

"Basi ni weye. Muzungu wa bailleur alisimama akauliza: mbona tuendelee kulipia darasa, kama bamama wenyewe wanataka frezi? Mimi nikasema bati, bati zilienda na upepo, niliomba bati tangu musimu wa mvua! Akanionyesha ukuta. 'Maman, angalia mistari.' Nibishane na ukuta?"

Nilimpigia rafiki yangu mbele yake, nikaweka haut-parleur ili naye asikie.

"Eh, mon vieux! Umeona? Walipiga makofi!"

"Uliondoa sifuri. Ukaficha axe. Ukafuta maneno yangu."

"Nilipanga tu. Namba nilizigusa? Hata moja?"

Hakuzigusa. Kila nukta ilikuwa mahali pake, na yote kwa pamoja ilikuwa uongo, uliokatwa kutoka kwenye kitambaa changu.

"Na darasa?" nikauliza.

"Darasa lilikuwa linakufa polepole. Frezi zina avenir, zina kesho. Usinikasirikie, nitakuletea kikopo."

Akakata. Nikaandika kwa mkuu wa shirika, nikaambatanisha mchoro wangu wa kwanza, safari hii PDF, na michoro miwili iliyotenganishwa kama nilivyotaka tangu mwanzo. Alijibu kabla jirani hajaondoka, kwa heshima sana. Alishukuru kwa masahihisho. Alisema budget imeshatiwa saini, frezi zimepewa pesa za darasa, wataangalia mwaka ujao.

Nilimsomea jirani jibu hilo kwa sauti, nikitegemea aone angalau nimejaribu. Nikaongeza kwamba mimi ndiye niliyeumia zaidi, maana yule alikuwa rafiki yangu wa miaka yote hiyo, na jina langu ndilo lililotumika, na kwamba usiku sitalala.

Alivaa viatu vyake, kimoja, halafu cha pili, akiegemea meza yangu.

"Rafiki yako ni muongo, na weye ni muvivu, mambo ya kulala utajua weye. Kesho asubuhi niko napanda Miti kuwaambia bamama darasa limefungwa. Tutaenda pamoja, utawaambia kwa kinywa chako, na uvae viatu vya kweli, kule iko matope."