Mstari wa Bibi Mzaa Mama

Tarehe mbili Februari tulimzika dada yangu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na mpaka leo nikimkumbuka namwona akiingia ndani yake taratibu, kama anayekwenda kuteka maji.

Baada ya matanga nilimpeleka binti yake hospitali ya Mibirizi. Ugonjwa wa mama yake ulikuwa kansa ya titi, na daktari alitaka kujua kama unatembea katika damu yao. Muuguzi alichora jedwali: ndugu, upande wa mama au wa baba, ugonjwa, umri ulipoanza.

"Mama?"

"Titi," nikasema. "Thelathini na nane."

"Huo ni umri wa kufa, Maman. Uvimbe ulionekana lini?"

Nikafikiri. Alinionyesha tukivuna maharage, miaka minne kabla. Akaandika thelathini na nne.

"Bibi mzaa mama?"

Binti alicheka kidogo. "Koko? Ule ni muzima kabisa. Iko Gitambi, analima kunipita mimi."

Muuguzi akaanza kuandika: mzima. Niliangalia kalamu ikitembea. Nyumbani kwetu mtoto aliyenyonya titi la mama ni wa mama, na neno lingine halisemwi. Mama yangu alinikataza kulisema. Lakini kalamu ilikuwa inaandika uongo, na uongo ule ungebaki mwilini mwa mtoto huyu.

"Ngoja," nikasema. "Koko hakumzaa."

Binti alinigeukia. Nikamwambia yeye, si muuguzi. Mama yake alizaliwa na rafiki wa mama yangu, mwanamke wa Bukavu aliyevuka mpaka na vitenge kuuza Kamembe. Alipokuwa akimnyonyesha, titi moja likawa gumu. Wakasema maziwa yameganda, wakamkanda kwa maji ya moto. Alikufa mtoto hajatembea. Mama yangu alikuwa ananinyonyesha mimi; akatuweka wote wawili titini.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza muuguzi kwa sauti ya chini.

"Rika la mama yangu. Mama alinizaa akiwa na ishirini na tisa."

Akakata neno mzima kwa mstari mmoja, akaandika: titi, karibu thelathini, haikuthibitishwa. Akasema daktari ataamua kuhusu kipimo cha damu, na kwamba mimi na Koko hatuwezi kukaa kwenye jedwali hili.

"Lakini huyu ni maman yangu mukubwa," binti akasema.

"Ndiyo," muuguzi akajibu. "Nyumbani."

Tulitoka. Ukungu ulikuwa umepanda mpaka Mibirizi, njia haionekani. Alitembea mbele yangu kwa mwendo uleule wa mama yake. Penye migomba akasimama.

"Aliitwa nani, ule wa vitenge?"

Nikamtajia. Akalirudia jina polepole, akanishika mkono, tukashuka.