Kidole Changu Kwenye Picha ya Mahari

Shida ilinianza mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alipofariki na darasa la pili likaishia hapo. Kusoma nilijifunzia mnadani. Kwa hiyo msinifundishe ng'ombe.

Mwaka juzi kijana wangu alichumbia binti wa kijiji cha Shishiyu. Tukakubaliana mahari ng'ombe kumi na wawili. Zamani wakwe walikuja zizini wakatazama meno na kwato. Hawa wa siku hizi, wenye viatu vya kung'aa, wakasema, "Tutumie picha kwanza." Haya.

Nikawapanga ng'ombe ukutani mwa zizi, nikapiga mwenyewe. Picha safi, ila kwenye kona ya chini kulia kumejaa dude jekundu. Kidole gumba changu.

"Kiondoe," nikamwambia binti yangu, mwalimu. "Watasema mzee hajui simu."

"Hujui kweli, baba. Na kona peke yake haikatiki. Nikikata chini, ng'ombe wanabaki bila kwato. Nikikata pembeni, upande wote unaondoka."

"Ng'ombe bila miguu nani atampokea? Kata pembeni."

"Tazama kwanza kinachotoka."

"Nimesema kata!"

Akavuta mstari kwa kidole, akahifadhi, nikatuma. Sikutazama. Mwenye mali hakagui mali yake mara mbili, ndivyo nilivyojidanganya.

Saa moja haikupita, baba wa mchumba akapiga simu.

"Mwadila, mkwe," akanisalimu kwa Kisukuma. "Hapa nahesabu kumi na mmoja."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu, na mama yake kahesabu. Yule mtamba mweupe uliyemsifia kwetu yuko wapi? Umemuuza? Kama umeanza kupunguza mapema hivi, basi tuache. Huko Mkula wapo wachumba wengine wanaobisha hodi."

Kijana wangu alikuwa amekaa pale anasikia. Uso ulimwisha rangi. Mtamba alisimama mwisho kulia, juu ya kidole changu. Nilimkata pamoja nacho.

Nikamgeukia binti yangu nimfokee. Akanikatiza: "Nilihifadhi nakala, baba. Picha ya kwanza ipo. Nilijua."

Akaituma ileile, pamoja na kidole changu. Tukasubiri. Simu ikalia.

"Sasa namwona mweupe. Lakini mkwe, hili dude jekundu kama kiazi?"

"Kidole changu."

"Nalo ni la mahari?"

"Ukilitaka, njoo ulichukue na panga!"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema leteni ng'ombe Alhamisi, na wakiwa pungufu atakata kidole kweli. Wakafika kumi na wawili, akawahesabu kwa mkono, mshenzi, mbele yangu, wawili wawili.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitano, ekari kumi na nne za pamba, nne za mpunga, ng'ombe ishirini na watatu, jozi mbili za maksai, plau, pikipiki, simu, na mkamwana mmoja.