Levire ya Mama Ndaya

Mtaa wetu wote wa Kapata ulikula mkate wa Mama Ndaya. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka yetu, katika mistari ile ya nyumba za kampuni, na tanuri lake la udongo lilikuwa nyuma ya jiko. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akaolewa hapa na Tata Tshiamala, fundi wa mashine. Kasai hakuijua. Alikuwa akituambia, "Mi kule hata njia ya kwenda kuteka maji sijui."

Mwaka wa tisini na tatu wao na watu wote wa asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao. Walitoka na godoro, sufuria mbili na beseni ya kukandia. Tanuri lilibaki pale, mwenye nyumba mpya akalitia kuku. Wao wakaenda kulala gare, yaani stesheni, kando ya reli, pamoja na wengine wengi, kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini.

Asubuhi ile ya baridi nilimpelekea unga wa ngano alioupata mume wangu Banza, na makala kidogo, makaa ya kupikia. Mtoto wangu Mignonne nilimbeba mgongoni. Pale kwenye kona, jirani yetu Mama Mukuna aliniona akapaza sauti.

"Mama Mignonne! Na weye unahama na bilulu?"

Bilulu ni wadudu. Ndivyo walivyowaita watu wa Kasai siku hizo.

"Naenda kutembea," nikamjibu, nikaongeza mwendo.

Nilimkuta Mama Ndaya ameinama juu ya mume wake. Tata Tshiamala alikuwa amekonda mpaka pete imefungwa uzi isidondoke. Bukari, ugali wetu, ilikuwa ikimrudia mara tu anapoimeza. Kitu kimoja tu kilikaa tumboni mwake, mkate uliolowekwa katika chai, na gare nzima hapakuwa na mkate.

"Wamesema treni iko Tenke, inakuja," Mama Ndaya aliniambia, akipapasa unga kwa vidole. "Nikimpandisha bila mukate, hafiki."

Levire, hamira yake, ilikuwa katika kopo la maziwa ya unga, imekaa humo tangu zamani. Akamwambia mdogo wake, Blandine, "Twaa nusu, uiamshe kwanza. Usiiweke yote, na usiitie mu unga mbele ya kujua kama iko nzima." Kisha akaenda kumgeuza Tata.

Blandine alimimina levire katika kikombe, akatia sukari kidogo, akatwaa maji kwenye mbabula, jiko la makaa, na kumwagia. Tukangoja. Levire nzima haikawii kuonyesha: maji yanatoa povu, povu linapanda, na kikombe kinanuka pombe. Hiki cha Blandine kilikaa kimya. Chembe zililala chini, maji juu yake yakawa kama ya kuoshea sahani.

"Ilikufa," Blandine akamwita dada yake, na machozi yakaanza. "Yaya, levire ilikufa mu kopo."

Mama Ndaya alirudi, akatia kidole katika kikombe, akakitoa haraka.

"Maji haya ulitwaa wapi?"

"Pa moto. Yalikuwa yanachemka. Si walisema tuchemshe yote, juu ya kolera?"

Kweli walisema. Kila asubuhi watu wa Msalaba Mwekundu walipita wakihimiza, na watoto watatu walikuwa wamezikwa wiki ile kwa kipindupindu hicho. Hakuna aliyegusa maji yasiyochemka.

"Kuchemsha, ulifanya vizuri," Mama Ndaya akasema polepole. "Lakini hukungoja yapoe. Kopo haikuiua. Uliipika weye, mutoto."

Hakumpiga wala hakumtukana. Nafikiri kupigwa kungekuwa nafuu kwa Blandine.

Mama Ndaya alimimina maji mengine yaliyochemka, akayapoza kwa kuyahamisha kutoka kikombe hiki hadi kingine. Akadondosha tone juu ya kifundo cha mkono wangu. "Ungemwogesha Mignonne na haya?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ndo yenyewe." Akatia sukari na ile nusu ya levire iliyokuwa imebaki. Sote tulikitazama kikombe kile, hata Tata alijiinua kwa kiwiko. Kwanza likaja povu moja dogo pembeni. Halafu jingine. Halafu uso wote ukafunikwa na utando wa rangi ya kahawia, ukapanda, na harufu ya pombe ikatoka.

"Eko hai," Tata akasema, kama anayemzungumzia mtu.

"Hai, lakini kidogo," mke wake akajibu. "Na baridi hii, mukate utakawia sana."

Akachanganya unga na chumvi, akamimina kikombe, akaongeza maji ya vuguvugu. Nilimshikia beseni. Mwanzoni unga ulinata vidoleni na kukatikakatika. Akausukuma mbele kwa kiganja, akaukunja kuelekea kwake, akaugeuza robo, akausukuma tena. Hakuongeza unga mkavu, ingawa Blandine alitaka. "Unanata sababu haujachoka bado," alisema. Alikanda mpaka jasho likamtoka katika baridi ile. Mwishowe donge likawa laini kama shavu la Mignonne, na alipovuta kipande kidogo kilinyooka chembamba bila kupasuka.

Jua lilikuwa halina nguvu. Mama Ndaya akafunika beseni kwa kitenge, akaiweka tumboni kwa Tata, chini ya blanketi.

"Sasa mi ni tanuri," Tata akasema, na tukacheka kidogo.

"Tanuri gani hii yenye mifupa," Mama Ndaya akamjibu.

Kila baada ya muda alifunua na kubonyeza kwa kidole. Shimo lilijaa pale pale. "Bado. Likirudi polepole, ndo tayari." Mara ya pili, bado. Mara ya tatu donge lilikuwa limevimba, ila si mara mbili ya lilivyokuwa, na shimo bado liliruka kurudi. Niliwasha makala, nikaweka sufuria tupu ipate moto. Tungepikia ndani yake, na makala mengine juu ya kifuniko.

Ndipo tukasikia watu wakipiga kelele upande wa reli. Treni ilikuwa imeingia.

Watu walikimbia na magodoro vichwani. Blandine alishika mkono wa dada yake. "Yaya, pika hivi hivi! Hata ikiwa nzito!"

Mama Ndaya alitazama beseni, halafu sufuria, halafu behewa lililokuwa linajaa. Alikata vipande viwili vidogo, akavibamiza ndani ya sufuria, na sote tukasimama juu yake kama tunaosali. Vilianza tu kuwa vyeupe kwa juu. Mwanamume mmoja akaita kwamba nafasi zinakwisha. Mama Ndaya akavitoa. Katikati vilikuwa bado vibichi, vinang'ang'ania kisu.

"Hivi vitamuua tumbo," akasema, akavitupa kwenye majani.

Tukampandisha Tata. Mama Ndaya akapanda na kumwekea beseni tumboni tena, na blanketi juu yake. Alinipa mkono juu ya vichwa vya watu. Mkono ulikuwa bado na unga katika kucha.

Omer, binamu wa mume wangu, ni mfanyakazi wa reli kule Lubudi, kwenye njia ya kwenda Kasai. Alipokuja kututembelea baadaye nilimuuliza kama aliiona treni ile. Alisema ilisimama pale siku nzima, na mama mmoja alishuka na beseni. Unga ulikuwa umevimba mpaka ukamwagika, halafu ukashuka na kunuka pombe kali. Akaukanda tena kidogo, akaungoja uinuke, akaupika katika sufuria kando ya reli. Akawagawia watoto wa behewa lake, na Omer mwenyewe alipewa kipande.

"Ulikuwa mwepesi," Omer akasema. "Mukate muzuri kabisa."

Nikamuuliza kama mzee mmoja mgonjwa, aliyefunikwa blanketi, aliula.

Omer aliangalia pembeni. Mzee, alisema, walikuwa wamekwisha kumshusha asubuhi ile, na ni yeye Omer na wenzake waliochimba kaburi.