Ukuta Uliokosekana Kwenye Picha

"Hivi, Salbiah, hao wageni wako wanalala nyumba gani, hii ninayoiona mimi au ile iliyo kwenye simu?"

Ponirah, jirani yake wa mbele, alimuuliza hivyo mwaka jana, wote wawili wakiwa wanaanika samaki. Salbiah alichukua ungo wake akaingia ndani, na wiki nzima akawa anamsalimia Ponirah kwa kichwa tu, kama mtu mwenye jino bovu.

Salbiah binti Marzuki ni mjane wa miaka hamsini na minane, mtu wa Sekinchan, kwenye mashamba ya mpunga ya jimbo la Selangor. Nyumba yake ni ya mbao, ya nguzo, na vyumba viwili vya mbele anavikodisha kwa wageni kupitia mtandao. Ni mwanamke wa sala tano asiyepitwa na darasa la akina mama la Alhamisi, na kijiji kizima kinajua kwamba akikuuzia mayai kumi, moja likivunjika njiani atakuletea jingine. Kwa hiyo siku binti yake Wahidah aliposoma maoni ya mgeni kwa sauti, ilikuwa kama amempiga kofi.

"Mwenyeji mkarimu, vyumba safi, chakula kitamu," Wahidah alisoma. "Lakini picha kuu inadanganya. Tuliahidiwa mpunga mpaka mlangoni. Tulichokiona dirishani ni ukuta wa saruji wa ghorofa nne, na makelele ya ndege wa kwenye spika tangu alfajiri. Sidhani hata kama picha ni ya nyumba hii. Nyota mbili."

"Rudia hapo."

"Mama, umesikia."

"Nimesema rudia. Anasema inafanya nini?"

"Inadanganya."

Aliyeandika ni Fariza, mwalimu kutoka jimbo la Johor, aliyelala siku mbili na mumewe. Salbiah alimkumbuka vizuri. Aliongezwa wali wa nazi mara mbili. Alipoondoka alimkumbatia, akabeba na chupa ya sambal, pilipili ya kusaga.

"Alikuwa na mdomo wa kula, wa kuniambia hakuwa nao," Salbiah alisema. "Andika. Mwambie alikula sahani tatu. Mwambie mumewe aliingiza durian chumbani, tunda linalonuka nyumba nzima, na kwenye masharti nimekataza. Shuka nimezifua mara mbili."

Wahidah aliandika, maana ukimkatalia mama yake akiwa hivyo unaongeza kuni. Kisha akamsomea. Maneno yalikuwa makali, na kwa muda yalimpendeza Salbiah.

"Sasa nipeleke?" Wahidah aliuliza. "Ukumbuke jibu la hadharani ni moja. Likishapita, kwenye mtandao huu hulirekebishi. Litakaa chini ya maneno yake. Na yeye Fariza ameshaenda zake, mama. Watakaolisoma ni wale wanaotaka kuja. Watajua mambo mawili: kwamba ukilala kwa Salbiah anahesabu sahani zako, na kwamba kuhusu ukuta hakusema kitu."

"Ukuta si wangu. Mimi nakodisha nyumba yangu, sikodishi ya Ponirah."

"Lakini dirisha ni lako."

Salbiah alimtazama bintiye kwa jicho ambalo zamani lilitosha kumfanya alie. Wahidah, mwanamke wa miaka thelathini, hakulia. Alifungua picha kuu akamwekea mbele.

Ilikuwa picha iliyopigwa na marehemu mumewe, Mungu amrehemu. Alisimama barazani asubuhi moja, mpunga ukiwa kijani kibichi hadi kwenye mitaro, akaipiga kwa simu yake mpya. Miezi minane baadaye akafariki. Mwaka uliofuata Ponirah aliinua jumba la mbayuwayu kwenye kiwanja chake cha mbele: saruji tupu isiyo na madirisha, matundu juu ya kuingilia ndege, na spika za kuwaita waje kujenga viota. Viota vile huliwa, na vinauzwa ghali. Tangu hapo, mpunga kutoka kwa Salbiah huuoni mpaka uiname kushoto, mwisho wa baraza.

Hakuwa amepiga picha mpya. Alijiambia ni kwa sababu watu wote huvutiwa na ile ya kijani. Pia kulikuwa na sababu nyingine ya kweli: wenye majumba ya ndege hawapendi yapigwe picha, kwa kuogopa wezi wa viota, na Ponirah alishamwonya kila mtu. Kijijini jambo hilo linaheshimiwa. Mali ya jirani huitangazi.

Lakini sasa aliitazama picha, akainua macho akautazama ukuta, na hasira yake, iliyokuwa imesimama vizuri juu ya Fariza, ikakosa pa kukaa. Jambo hilo lilimkasirisha zaidi. Alitamani awe na haki yote, na hakuwa nayo.

"Nyumba ni hii," alisema taratibu. "Hapo amekosea. Mengine…" Alivaa tudung yake, ushungi wa kutokea nje, akavuka barabara.

Ponirah alikuwa anakuna nazi mlangoni.

"Napiga picha jumba lako," Salbiah alisema, bila hata salamu.

"Huna akili. Unataka waniibie?"

"Nataka nisiitwe mwongo. Miaka mitatu natunza siri ya ukuta unaoonekana toka barabara kuu. Mwizi gani anahitaji simu yangu kuuona?"

"Sikukwambia uwadanganye watu."

"Hukuniambia. Nimefanya mwenyewe, na nimeona haya mwenyewe, na sijaja unifundishe. Nimekuja unipe ruhusa, kwa sababu mali ni yako."

Ponirah alikuna nazi kwa muda mrefu kuliko nazi yenyewe ilivyohitaji.

"Piga ukuta," alisema mwishowe. "Mlango usiuguse. Wala ile kamera ya pembeni."

"Na spika?"

"Spika sizimi. Ndege watahama. Ukitaka kimya kahamie makaburini."

"Basi nitaziandika."

"Ziandike. Andika na jina la ndege kabisa."

Salbiah alirudi barazani akapiga picha mbili, zote zikaukata ukuta katikati. Picha ya tatu ilitoka sawa: baraza, dirisha, ukuta wa kijivu mzima mzima, na kushoto mpunga uliovunwa, mabua na tope. Wahidah akaiweka ya kwanza. Ile ya marehemu aliishusha, akaandika chini yake mwaka ilipopigwa na kwamba jumba la mbele halikuwepo. Kichwa cha tangazo kilichosema "Mpunga mpaka mlangoni" kikafutwa, kikawa "Nyumba ya mbao karibu na mashamba ya mpunga". Kwenye maelezo wakataja ukuta, sauti ya ndege tangu alfajiri hadi magharibi, na miezi ambayo shamba huwa kavu. Kisha Wahidah akawaandikia wageni watano waliokwisha kulipia kwa tangazo la zamani, kwamba anayetaka kughairi arudishiwe pesa zake zote. Wawili walighairi saa hiyo hiyo.

"Unaona?" Salbiah alisema, na sauti yake ilikuwa bado na moto. "Ukweli umeshaanza kunifukuzia watu."

"Nisitishe?"

"Nani kakwambia usitishe? Lete simu. Lile jibu la sahani lifute, hili naandika mwenyewe."

Aliandika kwa kidole kimoja, akakataa kusahihishwa, akapeleka:

"Bi Fariza, picha ilikuwa ya nyumba hii hii, aliipiga mume wangu kabla ukuta haujajengwa. Lakini umesema kweli kwamba haionyeshi unachokiona leo, na kosa ni langu. Nimeibadilisha. Ningependa ungeniambia ukiwa mezani kwangu. Wengine mnaosoma hapa, naomba muitazame picha ya kwanza vizuri kabla ya kulipa. Kama ukuta huo hamuupendi, msije."