Nusu Dakika ya Kitovu

Masista walipoondoka katika fujo zilizofuata uhuru, walituachia pale maternite ya Kalemie, nyumba ya kuzalishia, mashine ya kuonyesha picha ukutani na kitabu cha maelezo yake kwa Kifaransa, kilichoandikwa na daktari. Mkuu wa wauguzi, mzee tuliyemwita Papa, mwenye sauti ya kanisani, alinipa mimi, mkunga msaidizi, kazi ya kukitia Kiswahili na kukisoma mbele ya akina mama. Sharti lilikuwa moja: kila picha nusu dakika, isizidi. Taa ya mashine ilikuwa ya moto, na picha ikikawia mbele yake ilijikunja. Nyingine tungeitoa wapi, miaka ile?

Picha niliyoitaka zaidi ilikuwa ya kitovu. Mke wa kaka yangu alikuwa na mimba kubwa, ya pili. Wa kwanza alikufa kabla ya kumaliza juma la pili, taya limekaza, hawezi kunyonya. Mama yangu ndiye aliyempaka majivu kitovuni, kama alivyotupaka sisi sote tukapona. Nyumbani walisema mkono wa mtu. Mimi nilijua, lakini nitaanzaje kumwambia mama yangu mzazi kwamba majivu yake ndiyo yaliyomuua mjukuu? Afadhali ukuta umwambie.

Basi nikatafsiri kila neno, kwa madaha. Kifaransa kilikuwa na maneno sitini na tano kwa picha, kwa hesabu ya msomaji wa maneno mia na thelathini kwa dakika. Yangu yalitoka hamsini na matano, nikajisifu: yamepungua! Sikufikiri kwamba neno letu moja, kama "hawatakufungia", limebeba mzigo wa maneno manne matano ya Kifaransa.

Siku ya kwanza tuliziba madirisha kwa mablanketi, mchana, ukumbi ukawa tanuri. Ilipofika picha ya mtoto aliyepakwa majivu, nilianza kwa adabu, kama kitabu: wazee wetu walipaka majivu, walikuwa na sababu zao, hatuwalaumu... Nusu dakika ikaisha, Papa akageuza picha. Ukutani kikatokea kitambaa cheupe, kilichochemshwa, kimefungwa vizuri tumboni. Hapo ndipo nilipofikia kusema, kwa sauti kubwa: "Musifanye hivi hata siku moja!"

Tulipotoka, wifi yangu, aliyekuwa ameketi kati ya akina mama, alinishika mkono.

"Kumbe kitambaa njo inaua?"

Alidhani kitambaa ndicho kinachoua. Nilitaka kulia. Kisha nikataka kumrarua Papa, ingawa yeye alitii saa tu. Nilimfuata ndani kabla hajakunja waya.

"Shika saa," nikamwambia. Nikasimama mwisho wa ukumbi, nikasoma kama ninavyowasomea akina mama, bila kukimbia. Dakika ilipokwisha tulihesabu: maneno tisini.

"Basi nusu yake," akasema Papa. "Arobaini na tano."

"Hapana, Papa. Miye nikisema 'mama zangu', wote wanaitika. Ile kuitika haikuli saa?"

Akakubali thelathini na tano, kwa shingo upande, na alipoona kalamu yangu inavyofyeka alipiga kelele.

"Unakata maneno ya munganga!"

"Ninakata ya munganga, nibakize ya mutoto."

Heshima kwa wazee nikaitoa, na iliniuma, maana ilikuwa ya mama yangu. Katazo nikalileta mbele, ili hata picha ikigeuka liwe limekwisha kusikika, na kila picha nikaipa maneno yanayojitosheleza, katazo pamoja na la kufanya.

Tuliwaita tena akina mama walewale. Safari hii mama yangu naye alikuja, akaketi karibu na mkwewe. Picha ya majivu ikatokea.

"Mama zangu!"

"Ndiyo, Mama!"

"Kitovu ya mutoto, musitie majivu. Majivu inaficha mududu ya kukaza taya. Chemsheni kitambaa, kikauke, mufunge nacho. Kitambaa peke yake. Musitie kitu kingine."

Hata thelathini hayakufika, na muda ukabaki. Niliuacha makusudi, waitike. Badala yao wifi yangu alisema, si kwa nguvu:

"Wa kwangu walimutia."

Sikuwa nimepima hilo. Nikasikia benchi likilia, mama yangu akisimama gizani.

"Ni miye njo nilitia," alisema mbele ya watu wote. "Nilimupenda."

Papa akageuza picha, kwa kuwa muda wake ulikuwa umetimia. Kitambaa cheupe kikatokea ukutani. Nilikuwa na maneno yake mkononi, yamepimwa sawasawa, na sikuweza kusoma hata moja. Mama yangu alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya mkwewe, anauliza maji yachemke mpaka wapi.