Marudio ya Podikasti

Hapana, haumwi masikio. Yale madude makubwa anayovaa mjukuu wangu ni ya kazi. Watu wanarekodi maongezi yao ya mtandaoni, podikasti, wanamtumia hapa Nyasubi, yeye anayasafisha. Jenereta, upepo, kikohozi, anatoa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu analipia kutolewa kikohozi?

Wanalipa. Kipindi kimoja kisichozidi saa ni elfu ishirini, anakupa baada ya siku tatu. Ukikitaka kesho, ongeza elfu kumi. Kifurushi cha vipindi vinne kwa mwezi, elfu sabini. Hicho kifurushi alikuwa anakililia, apange chumba mbali na jogoo wangu.

Akaja mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, tumbo mbele, mke nyuma. "Mimi, yaani, eeh, mimi nafundisha vijana utajiri." Anaongea kama anapuliza kuni mbichi. Alirekodi pembeni ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe, watu wajue yuko mgodini kweli. Halafu karasha hataki lisikike.

Mjukuu, na kasauti kake ka nesi: "Baba, muungurumo nitaupunguza. Nikiutoa wote, utasikika kama uko ndani ya ndoo."

"Sawa. Tujaribu kimoja. Kikinipendeza, nachukua kifurushi."

Siku ya tatu wakarudi. Sauti imetakata, hata mimi nilielewa. Bwana mkubwa anaangalia dakika tu.

"Nilileta hamsini na mbili. Hapa ziko kumi na tisa."

"Nimekata, baba. Vikohozi, na maneno uliyosema mara tatu tatu."

"Sasa marudio yangu yako wapi?"

Mtoto akanitazama. Nikamweleza: mchanga ukishasagwa na kuoshwa, unaobaki wanauita marudio. Mwenye karasha anabaki nao, anauchenjua tena, anatoa dhahabu ya wenzake. Huyu naye kaona mtoto kabaki na utajiri wake kwenye kompyuta.

"Nipe marudio yangu, kifurushi nalipia leo hii."

Basi mjukuu akakaa, akavitafuta vile vipande alivyokata kwenye rekodi ya mwanzo, akaviunga kimoja kimoja. Sisi tunakunywa chai, bwana mkubwa kakodoa macho kama anasimamia mzani. Vilipokwisha akasema, "Weka sauti kubwa, wote wasikie."

Tukasikia. "Eeh. Yaani. Mimi, yaani, mimi. Kho. Eeh, mimi." Dakika thelathini na tatu. Jogoo wangu mwenyewe alinyamaza. Bwana mkubwa anaitikia kwa kichwa, anangoja dhahabu itokee.

Mke wake, ambaye tangu aniamkie hakuwa amefungua mdomo, akaweka kikombe chini, akachukua mkoba.

"Haya nayasikia mezani kila siku, bure. Mlipe mtoto hicho kimoja, twende, na hiyo podikasti yako iishie hapa."